Sauti kwanza au picha kwanza? Njia mbili za kuandika skripti ya video ya ubao mweupe

Mweka hazina wa chama kimoja cha wauza omena hapa Kisumu alinitumia sauti kwenye simu, chini ya dakika mbili, akieleza jinsi riba ya mikopo yao inavyohesabiwa. Wanachama wapya walikuwa wakimsumbua kila mwisho wa mwezi: mbona mwezi uliopita nililipa 5,600 na safari hii unaniambia 5,550, nani anachezea daftari? Alitaka video fupi ya ubao mweupe ya kutuma kwenye kundi la chama, zile ambazo mkono unachora huku mtu akieleza, na kila sentensi inapotamkwa picha yake inatokea papo hapo.

Video ile niliitengeneza mara mbili. Mara ya kwanza nilianza na sauti, nikazibana picha ndani yake. Mara ya pili, chama kilipotaka toleo la Kijaluo, nilianza na picha, kisha nikaandika sentensi za kuzitosha. Mada ni ile ile, hesabu ile ile, na mchoraji yule yule (yuko Nakuru, tunatumiana kazi kwa simu). Ndiyo maana naweza kuziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu, nawe unayetaka kuandika skripti yako ujue ushike ipi.

Kwanza hesabu yenyewe, maana bila hiyo mifano haitaeleweka. Mtu anakopa shilingi 60,000 na kulipa kwa miezi 12. Kila mwezi anarudisha 5,000 za mkopo, na juu yake riba ya asilimia 1 ya deni lililobaki. Mwezi wa kwanza deni ni 60,000, kwa hiyo riba ni 600. Mwezi wa pili zimebaki 55,000, riba ni 550. Mwezi wa 12 zimebaki 5,000, riba ni 50. Ukijumlisha riba ya mwaka mzima unapata 3,900. Angetozwa asilimia hiyo hiyo kwa mkopo wote kila mwezi, angelipa 600 mara 12, yaani 7,200. Kwa nini malipo yanashuka kila mwezi: hilo ndilo video ilitakiwa kuonyesha.

Sauti kwanza

Katika njia hii unaandika maelezo kama mtu anavyozungumza, unarekodi, kisha unakaa na sauti iliyokamilika na kuigawa vipande. Kila kipande kinapewa picha, na picha inalazimika kuanza na kumalizika ndani ya muda wa kipande chake. Mwenye mamlaka ni sauti. Ikisema sekunde tatu, picha ina sekunde tatu.

Mimi hugawa kwa Audacity, programu ya bure ya kuhariri sauti. Unasikiliza, na kila sentensi inapoanza unabonyeza `Ctrl+M` kuweka alama na kuipa jina. Ukimaliza, unatoa alama hizo kama faili la maandishi, na kila mstari una mwanzo, mwisho na jina la kipande. Alama ya `Ctrl+M` ni nukta moja tu, hivyo mwanzo na mwisho huwa namba moja. Ukitaka kipande chenye urefu, chagua sehemu ya sauti kwanza kisha ubonyeze `Ctrl+B`. Faili la kazi ile lilianza hivi:

```
0.000000	6.400000	01 wengi hudhani
6.900000	7.500000	02 hapana
8.000000	24.600000	03 kila mwezi
```

Tazama mstari wa tatu. Kipande kimoja kina zaidi ya sekunde 16, na cha pili hakifiki hata sekunde moja. Hapo ndipo shida ilipoanzia, na shida haikuwa ya sauti. Mweka hazina anazungumza vizuri kuliko mimi. Alisema hivi, nami niliyafuata maneno yake karibu yote:

"Wengi hudhani ukikopa elfu sitini utatozwa riba ya elfu sitini mpaka mwisho. Hapana. Kila mwezi ukishalipa, deni linashuka na riba nayo inashuka pamoja nalo, kwa hivyo mwezi wa kwanza utalipa mia sita, wa pili mia tano hamsini, na hivyo hivyo mpaka wa mwisho ambao riba yake ni shilingi hamsini."

Masikioni ni maelezo safi. Sasa mpe mchoraji ayachore. Sentensi ya kwanza inamtaka achore jambo lisilo kweli: mtu akilipia riba deni lote mpaka mwisho. Anatumia sekunde sita kulichora vizuri, deni kubwa, mshale, riba kubwa. Kisha linakuja neno moja, "Hapana", lenye nusu sekunde ya kuchora alama ya kukata juu ya picha iliyochukua sekunde sita. Alama hiyo inarushwa kama inzi. Mtazamaji ameangalia kosa kwa sekunde sita na sahihisho kwa kufumba na kufumbua. Mama mmoja aliyeitazama video mbele yangu aliniambia ameelewa: riba ni ya elfu sitini mpaka mwisho. Hakukosea. Alisoma kile tulichomchorea.

Kukanusha kuna tabu ya pekee kwa Kiswahili. Kikanushi mara nyingi kinakaa mwanzoni mwa kitenzi: *hatutozi*, *hailipwi*, *halipi*. Sikio linapata "ha-" hata kabla halijasikia ni jambo gani linakataliwa. Mkono hauwezi kufanya hivyo. Ni lazima uchore kitu kwanza ndipo ukikate, kwa hiyo sauti inakataa kabla na picha inakataa baadaye, na katikati yake pana sekunde kadhaa ambazo sikio na jicho wanasema mambo tofauti. Tangu siku ile sentensi ya kukanusha nikiiona kwenye skripti yoyote ya ubao mweupe naiandika upya iwe ya kukubali. "Hulipi riba ya mkopo wote" inakuwa "Unalipa riba ya deni lililobaki". Mkono unachora kilichobaki, na sikio linasikia kilichobaki.

Kuhusu sentensi ndefu ya tatu: ndani yake mna picha tano. Malipo, deni linaloshuka, 600, 550, na 50 ya mwisho. Sekunde 16 kwa picha tano si haba ukizihesabu kwa ujumla, ila hazikugawanyika sawa. "Deni linashuka na riba nayo inashuka pamoja nalo" ni maneno manane yanayotamkwa kwa sekunde nne na ushee, na picha yake ndiyo nzito kuliko zote kwa sababu ndiyo maana yote ya video. Halafu "na hivyo hivyo mpaka wa mwisho" haina picha kabisa, mkono unabaki umeelea hewani.

Sasa hapo ndipo linapozaliwa kile ninachokiita deni la picha. Kwenye programu kama VideoScribe picha zinafuatana moja baada ya nyingine, na sauti ni mkanda mmoja unaotembea chini yake. Picha ya tatu ikichelewa sekunde moja, ya nne inaanza ikiwa imechelewa sekunde moja. Ikichelewa nayo, ya tano inarithi sekunde mbili. Kwenye toleo langu la kwanza, sauti ilipofika "shilingi hamsini", mkono ulikuwa bado unaandika 550. Kulipa deni hilo kuna njia mbili tu: kuongeza kasi ya mkono mpaka uonekane unafukuzwa na polisi, au kukata sauti na kupachika ukimya katikati. Nilipachika ukimya. Sauti ya mweka hazina, ambayo uzuri wake ulikuwa mtiririko, ikawa kama ya mtu anayesoma orodha ya majina.

Nisiionee njia hii, lakini. Ina mahali pake, nitafika huko.

Picha kwanza

Hapa unaanza na karatasi tupu na penseli. Unajiuliza: mtu akiitazama video hii bila sauti, ubaoni anapaswa kuona nini, na kwa mfuatano gani? Unachora michoro hovyo hovyo, unapima kila mmoja unachukua sekunde ngapi mkono ukitembea kwa mwendo wa kawaida wa video, kisha unaandika sentensi yenye urefu huo. Sauti inarekodiwa mwisho.

Kuanza na picha kuliniletea kitu ambacho sauti haikuwahi kunipa: mchoro mmoja unaokua badala ya michoro mingi inayopishana. Deni likawa mnara. Mnara ukakatwa vipande 12. Kila mwezi kipande cha juu kinaondoka, na riba inapimwa kwa urefu wa mnara uliobaki. Mtazamaji haanzi upya kila sentensi. Jicho linakaa mahali pale pale na kuona kinachobadilika.

Ili sentensi zitoshe picha, ni lazima ujue kasi ya msomaji wako. Usichukue kipimo cha maneno kwa dakika kutoka kwenye mafunzo ya Kiingereza. Neno la Kiswahili linabeba mzigo mkubwa: "utaurudisha" ni neno moja lenye silabi sita, na Mwingereza angehitaji maneno manne hivi. Kwa hiyo dakika moja ya Kiswahili hubeba maneno machache zaidi. Mimi nikisoma kwa utulivu wa video, pumzi zikiwemo, natoa maneno 105 kwa dakika, karibu maneno saba kwa kila sekunde nne. Jipime mwenyewe: soma ukurasa mmoja wa skripti yako kwa sauti huku saa ya simu ikihesabu, kisha gawanya.

Hivi ndivyo mwanzo wa skripti ya pili ulivyokuwa. Muda ni wa sekunde.

| Na. | Sauti | Mkono unachora | Kuchora | Sauti |
|---|---|---|---|---|
| 1 | Umekopa shilingi elfu sitini kutoka kwa chama. | Mnara mrefu mtupu, juu yake 60,000 | 4 | 4 |
| 2 | Mkopo huo utaurudisha kidogo kidogo, kwa miezi kumi na miwili. | Mistari 11 inayoukata mnara vipande 12 | 5.5 | 6 |
| 3 | Kila kipande ni elfu tano. | 5,000 ndani ya kipande cha juu | 2 | 3 |
| 4 | Mwezi wa kwanza mnara wote upo, riba yake ni mia sita. | Mabano marefu kando ya mnara wote, pembeni 600 | 3 | 6 |
| 5 | Ukilipa, kipande cha juu kinaondoka. | Kipande cha juu kinapigwa mistari ya kukata | 2 | 3 |
| 6 | Sasa mnara umebaki elfu hamsini na tano. | Mabano mapya, mafupi zaidi, na 55,000 | 4 | 4 |
| 7 | Riba ya mwezi wa pili ni mia tano hamsini. | 550 chini ya ile 600 | 2 | 5 |

Tuchukue mstari wa pili tuuangalie kwa karibu, maana ndio ulionichukua muda mrefu. Nilipouandika mara ya kwanza ulikuwa "Utalipa kwa miezi kumi na miwili", maneno sita, sekunde tatu na nusu. Mistari 11, kila mmoja nusu sekunde, ni sekunde tano na nusu. Picha ilikuwa inadai sekunde mbili. Ningeweza kumwambia mchoraji aharakishe, lakini mistari hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji ahesabu. Ikichorwa yote kwa pupa inaonekana kama ngazi, si miezi. Kwa hiyo niliirefusha sentensi. "Mkopo huo utaurudisha" na "kidogo kidogo" havikuongezwa ili kujaza tu. "Kidogo kidogo" ndiyo hasa mkono unaifanya wakati huo, mstari baada ya mstari. Ukilazimika kurefusha sentensi, ongeza maneno yanayosema kile mkono unachofanya. Ukiongeza maneno ya kupamba, mtazamaji atayatafutia picha na hataiona.

Mstari wa nne una hali ya kinyume. Kuchora ni sekunde tatu na sauti ni sita. Nusu ya muda mkono umetulia. Hiyo si hasara. VideoScribe inampa kila picha muda wa kuchorwa, muda wa kutulia na muda wa kuhamia inayofuata, na kutulia ndiko kunakompa mtu nafasi ya kutazama. Ila angalia mahali kutulia kunapokaa. Mabano marefu yanaanza kuchorwa kwenye neno "mnara", na 600 inaandikwa kwenye "mia sita". Ukiacha programu ichore vyote viwili mfululizo, 600 itatokea sauti ikiwa bado kwenye "mnara wote upo", na jibu litakuwa limefika kabla ya swali. Mstari kama huo unagawanywa kuwa picha mbili ndani ya programu, hata kama kwenye skripti ni sentensi moja.

Kila sentensi, kwa njia yoyote utakayochagua, ina neno ambalo picha inaning'inia kwalo. Mimi hulipigia mstari kwenye skripti. Kwa bahati Kiswahili kinatusaidia hapa, kwa sababu jina linatangulia sifa zake: "mnara mrefu mtupu". Mkono unaanza na mnara, kisha urefu wake unaonekana, utupu wake unaonekana. Maneno na wino vinafuata njia moja. Mwanasaikolojia Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ameonyesha kwa majaribio yake ya miaka mingi kwamba watu hujifunza vizuri zaidi maneno na picha vinapokuja pamoja kuliko vinapofuatana. Vile vile ameonyesha kwamba kuandika kwenye skrini maneno yale yale yanayotamkwa mara nyingi huwaondoa watu kwenye picha. Ndiyo maana ubaoni kwangu utaona namba tu. Hakuna "RIBA" wala "MKOPO" iliyoandikwa. Sababu yangu ya pili inakuja sasa hivi.

Lugha ya pili ndiyo iliyoamua

Chama kile kina akina mama wanaozungumza Kijaluo nyumbani na sokoni, na wengine wachache wa upande wa Vihiga wanaotumia Kiluhya. Kiswahili wanakielewa wote, lakini mweka hazina aliniambia ukweli: mambo ya pesa mtu huyasikia vizuri kwa lugha anayobishania bei.

Toleo la sauti kwanza halikuweza kutafsiriwa. Nilijaribu. Kila picha ilikuwa imekatwa kwa urefu wa sentensi ya Kiswahili, na sentensi ya Kijaluo ilipoingia, moja ilikuwa fupi, nyingine ndefu, na mpangilio wa maneno ndani yake ulikuwa mwingine. Ingebidi kupanga upya muda wa kila picha kuanzia mwanzo. Yaani kazi mpya, malipo yale yale.

Kwa picha kwanza kuna ujanja rahisi. Pima sentensi hiyo hiyo kwa kila lugha, chukua iliyo fupi kuliko zote, na hakikisha muda wa kuchora hauizidi. Baada ya hapo hugusi tena kuchora. Unabadilisha kutulia peke yake. Mstari wa pili kwa Kijaluo ulisomwa kwa sekunde tano, chini ya zile tano na nusu za kuchora, kwa hiyo mchoraji alipunguza kidogo, mistari 11 kwa sekunde nne na nusu, na bado miezi ilihesabika. Kwa Kiswahili picha inatulia sekunde moja na nusu, kwa Kijaluo nusu sekunde. Mstari wa nne ulirefuka kwa Kijaluo hadi sekunde saba. Tuliongeza kutulia sekunde moja, basi. Na kwa kuwa ubaoni mna namba tu, hapakuwa na neno la kufuta na kuandika upya.

Hapa rekodi ya sentensi moja moja ina faida pia. Kila mstari unahifadhiwa kama faili lake, `01.wav`, `02.wav` na kuendelea, badala ya mkanda mmoja mrefu. Msomaji wa Kijaluo alikosea mstari wa sita, akasema elfu hamsini badala ya hamsini na tano. Aliurudia huo mmoja tu. Kwenye toleo la kwanza nilipotaka kurekebisha neno moja, mvua ilikuwa imeanza kunyesha juu ya mabati, na sauti ya siku ile ikakataa kushikana na sauti ya jana. Ilibidi nirudie dakika nzima kesho yake asubuhi, kabla ya mawingu ya mchana hayajajikusanya. Anayeishi Kisumu au Kakamega anajua kwamba ratiba ya kurekodi haiandikwi na mtu.

Mahali sauti kwanza inaposhinda

Baada ya yote hayo utadhani naikataa njia ya kwanza. Sivyo. Kuna kazi ambazo nikianza na picha naziharibu.

Ya kwanza ni pale sauti yenyewe ndiyo habari. Mwaka huo huo nilifanya video ya mzee mmoja wa Dunga akisimulia jinsi gugu maji lilivyofunga njia ya mashua na akalala ziwani. Huyo humpi sentensi ya maneno saba aisome. Anasita, anacheka, anasema "ngoja kwanza", na kusita kwake ni sehemu ya hadithi. Picha zinamfuata. Na kwa kuwa msimulizi huzungumza kwa matukio (tuliondoka, tukafika, tukakwama), kila kitenzi kinakuja na picha yake bila kulazimishwa. Viambishi vya *-ka-* ni rafiki wa mchoraji: kila "-ka-" ni mchoro mpya. Maelezo ya hesabu hayana neema hiyo, yamejaa "kwa hivyo", "ambao" na "na hivyo hivyo", maneno yasiyochoreka.

Ya pili ni pale sauti tayari ipo na huwezi kuirekodi tena, kama kipande cha redio au hotuba. Ya tatu ni muda. Sauti kwanza niliimaliza kwa siku mbili, picha kwanza ilinichukua nne, kwa sababu mnara ule haukuja kwa haraka. Kabla yake nilijaribu gunia linalopungua (halihesabiki), ndoo inayovuja (watu walidhani pesa zinapotea), na keki iliyokatwa (vipande 12 vya duara havionekani kwenye simu ndogo). Siku mbili hizo za ziada zote zilikwenda kwenye penseli na ufutio, hazikwenda kwenye programu.

Ukichagua sauti kwanza, basi fanya jambo moja kabla ya kumruhusu msomaji akae mbele ya maikrofoni. Chukua skripti na upige mkwaju kila mahali picha inabadilika. Ukiona mikwaju mitatu ndani ya sentensi moja, ivunje. Ukiona sentensi isiyo na mkwaju hata mmoja, ama uifute, ama ukubali kwamba mkono utatulia hapo na uandike hivyo kwenye safu ya picha: "mkono nje, mnara unabaki". Mchoraji akikuta safu tupu atachora chochote, na chochote chake huwa ni balbu ya taa.

Kujua kama vinalingana

Kabla ya kupeleka kazi mimi hufanya majaribio mawili, nayo yanafaa kwa njia zote mbili.

La kwanza: simamisha video kila sentensi inapoisha. Picha yake imekamilika? Mkono ukiwa bado unachora, andika umechelewa kiasi gani. Kuchelewa kwa sentensi moja kunasameheka. Zikichelewa tatu mfululizo, na kila moja kuliko iliyotangulia, hilo ni deni la picha, na dawa yake iko kwenye ile ya kwanza iliyochelewa, si kwenye ile iliyokuudhi. Nilipolijaribu toleo la kwanza, sentensi iliyoniudhi ilikuwa ya mwisho, lakini kosa lilikuwa kwenye "Hapana" ya sekunde ya saba.

La pili: zima sauti, mwonyeshe mtu ambaye hajaisoma skripti, umwombe akueleze anachokiona. Toleo la mnara nilimwonyesha mwendesha boda wa Kondele aliyekuwa akisubiri abiria. Alipofika mstari wa saba akasema, "Kwa hivyo huyu akilipa, kile kinakatwa kinakuwa kidogo." Neno riba hakulisema, maana halikuandikwa popote. Kisha akauliza kitu ambacho sikuwa nimekiona: kama mtu analipa vipande viwili kwa mwezi mmoja, mnara unashuka mara mbili? Unashuka, na riba ya mwezi unaofuata inakuwa 500 badala ya 550. Kwa toleo la Kijaluo tuliongeza mstari wa nane kwa ajili ya hilo: vipande viwili vinapigwa mistari kwa pamoja, sekunde tatu za kuchora na tano za sauti. Kwa toleo la kwanza la Kiswahili, lile lililoanza na sauti, hapakuwa na mahali pa kuuingiza.